Tupeane uzoefu: majibu kibao ndani ya seli moja, mlihesabuje?

Mwenyeji wa Mokowe: Nimeona mtu analalamikia swali la dodoso la "chagua yote yanayokuhusu", kwamba majibu yote yanaingia seli moja, nikakumbuka mengi. Mliowahi kupokea safu nzima ya "Kamba, Pweza, Kaa" na bosi anataka idadi kabla ya adhuhuri, semeni.

Nahodha wa Shela: COUNTIF na nyota mbili, kazi imekwisha. Mwapenda kujitesa.

```
=COUNTIF(B2:B5,"*Kamba*")
```

Binti Faza: Kaka, nyota hizo ndizo zilizotuaibisha Kizingitini. Tuliwauliza wavuvi huwa wanavua nini. Mwenzetu wa ofisini akahesabu hivyo hivyo, ripoti ikatoka kamba ndio wanaoongoza. Siku ya baraza mzee mmoja akasimama: "Hao kamba wote huvuliwa wapi, na sisi twazamia kamba mawe?" Ukumbi ukaangua kicheko, na wafadhili wamekaa mstari wa mbele. Usiku tukafungua jedwali. Chukueni majibu manne tu:

```
Kamba, Pweza
Kamba mawe
Kamba mawe, Kaa
Pweza, Kaa
```

Fomula ya Nahodha inakupa 3. Aliyechagua Kamba ni mmoja tu. Nyota hutafuta herufi popote zilipo, kwa hiyo kila "Kamba mawe" ilihesabiwa pia kuwa Kamba. Na hakuna kosa lolote linalojitokeza kwenye skrini, namba inakaa pale kwa adabu zake.

Msusi wa Mikeka: Mzee yule hakukosea!! 😂 Wafadhili walisemaje?

Mla Pweza: Tuachane na fomula, tumalizie habari ya baraza.

Binti Faza: Walinyamaza wakanywa chai. Ngojeni, kuna mtego wa pili. Tulikwenda kwenye SPLIT ya Google Sheets, tukaipa koma na nafasi. Jedwali likaleta Kamba 3, mawe 2. Eti kuna mtu kavua "mawe"!

Karani Mstaafu: Hapo mwanangu hukuandika FALSE mwishoni. Usipoiandika, SPLIT hukata penye koma na pia penye kila nafasi, kila alama kivyake. Ukiiandika, hukata pale tu koma na nafasi zinapofuatana:

```
=QUERY(FLATTEN(ARRAYFORMULA(
 SPLIT(B2:B5,", ",FALSE))),
 "select Col1, count(Col1)
 where Col1 is not null
 group by Col1")
```

Majibu yako manne yatatoa Kamba 1, Kamba mawe 2, Kaa 2, Pweza 2. Jumla 7. Sasa anayetumia Excel ya zamani asihangaike kukata. Azungushie koma pande zote mbili, seli na neno pia:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(",Kamba,",
 ","&SUBSTITUTE(B2:B5,", ",",")&",")))
```

Hapo "Kamba mawe" haiingii, maana baada ya Kamba inafuata nafasi, si koma.

Nahodha wa Shela: Sawa, ila kama hakuna jina lililomo ndani ya jingine, nyota zangu zafaa. Kaa na Pweza mbona zilitoka sawa?

Karani Mstaafu: Zafaa, mpaka mtu aongeze chaguo jipya katikati ya kazi.

Mpishi wa Malindi: Mimi ni wa nyumba ya wageni. Chaguo langu lenyewe lina koma: "Chakula cha baharini, cha kukaanga". Sasa naona "cha kukaanga" imesimama peke yake na idadi yake. Na kule kwenye "Nyingine" wageni wanaandika insha.

Karani Mstaafu: Kabla ya kukata, badilisha chaguo hilo zima kwa jina lisilo na koma, Tafuta na Badilisha inatosha. Hizo za "Nyingine" zisome kwa macho, bibie. Fomula haitakusaidia.

Msusi wa Mikeka: Ndiyo maana fomu zangu siweki koma ndani ya chaguo. Naweka kistari.

Nahodha wa Shela: Haya, na asilimia? Kaa ni 2 kati ya 7, sawa na 29.

Binti Faza: La! Waliojibu ni wanne. Wawili kati ya wanne ni 50.

Nahodha wa Shela: Basi ukijumlisha zote unapita mia. Bosi gani atakubali?

Binti Faza: Itapita, ndiyo, kwa sababu mvuvi mmoja kachagua zaidi ya moja. Swali ni wavuvi wangapi wanavua kaa, si kaa ni sehemu gani ya alama za vema.

Mla Pweza: Bosi wetu alikataa kabisa chati iliyofika 175. Tukamwekea ya 100, akafurahi, sisi tukakaa na dhambi.

Mwenyeji wa Mokowe: Na wale wanaotumia fomu za Kobo, mbona kwangu hakuna koma hata moja?

Karani Mstaafu: Kobo hutenganisha kwa nafasi, tena ukishusha data waweza kupata safu ya kila chaguo yenye 0 na 1. Jumlisha safu tu.

Msusi wa Mikeka: Kwa hiyo tumekesha bure?

Mpishi wa Malindi: Mimi nimebadilisha lakini "cha kukaanga" bado ipo mbili. Nafasi imezidi mahali, au?