Naombeni ushauri: vifaa vya siku ya kufungua mgahawa mdogo

Habari zenu wakuu, nafungua kamgahawa ka viti 30 na listi yangu ya vifaa bado inanipa mawazo, hasa masufuria. Nimepiga hesabu hivi, mchana nategemea kila kiti kikaliwe mara mbili, yaani sahani 60, supu mililita 300 kwa mtu, jumla lita 18, na sufuria haijazwi mpaka juu maana itamwagika ikichemka, kwa hiyo robo tatu tu, inakuja sufuria ya lita 24. Sasa swali, ninunue moja ya lita 24 au mbili za lita 12? Mimi naona mbili, kwa sababu lita 18 za moto ni kilo 18 bado sufuria yenyewe, nani atainyanyua pale jikoni watu wamejaa, ila mbili zinakula plate mbili za jiko na mimi ninazo nne tu.

La pili karatasi za risiti. Mashine yangu inatumia roli za milimita 57, wenye za 80 msinishauri hizo haziingii kabisa. Najua ukikwaruza na kucha upande unaoacha alama nyeusi ndio wa kuchapia, na ukiweka karibu na jiko zinakuwa nyeusi zote. Je, kaunta ikiwa karibu na jiko mnazihifadhi wapi? Na siku ya kwanza niwe na roli ngapi za akiba?

Visu na vijiko nishamaliza, hapo msihangaike.