Naomba ushauri: sheria ya kutoikimbilia kendo kubwa ya kijani

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Moshi, natredi dhahabu, XAUUSD kwenye H1. Kendo ya kijani ikipaa ghafla, kidole kinawasha kubonyeza Buy, naona kama gari linaniacha stendi.

Nimejiwekea sheria: kendo ikizidi ATR(14) mara mbili, siingii inapofunga, naweka Buy Limit katikati yake. Tuseme imepanda dola 24, ATR ni 9. Nikiikimbilia, stopu losi chini ya kendo iko mbali dola 24. Nikiingia katikati ni 12, hivyo kwa hasara ileile naweza kubeba loti maradufu.

Kinachoniudhi, zenye nguvu kweli mara nyingi hazirudi kunichukua. Je, oda mnaifuta baada ya kendo ngapi? Na mnasubiri kwanza kendo ifunge juu ya katikati, au limiti pekee inatosha?