Kilo 14 za ngege nimezika shimoni, na lawama napewa mimi!

Mama_Ngege (Busia, Uganda):
Jamani nimechoka! Leo asubuhi nafungua boksi langu la samaki, chini kabisa nakuta ngege wa Jumamosi: macho yamezama, mashavu yamekuwa ya kahawia, harufu usiseme. Kilo 14. Juu yao wamelala wa leo, wabichi wanang'aa. Kijana wangu kila siku anamwaga mzigo mpya juu ya wa jana, halafu anauza wa juu. Nikimgombeza, "Mama, wateja wanachagua wa juu." Wataacha kuchagua wa juu vipi na ndio aliowawekea?

Na yule anayetuletea kutoka Majanji hashushi chini ya kilo 40. Chukua kreti zima au acha. Nanunua kilo moja kwa 12,000, nauza 16,000. Leo nimezika 168,000, na mume wangu anasema sijui biashara. Haya, mwenye kosa ni nani?

Kaka_Umeme:
Nunua friza dada, mambo yaishe.

Mikate_Tororo:
Pole mama. Mimi nauza mikate, na mikate inayobaki bekari inaichukua wakileta mipya. Kwa nini usimrudishie huyo wa Majanji?

Mama_Ngege:
Ndugu, nimrudishie samaki aliyeoza? Apande naye pikapu? Soma vizuri basi.

Mzee_wa_Mwalo:
Mama, pole. Nimeuza samaki Jinja miaka mingi, nami nimezika wa kwangu.

Friza haitakutoa hapo. Ukijaza kilo 40 kwa mara moja, ile ya dukani inachukua muda mrefu mno kugandisha wa katikati. Na samaki aliyeanza kuchoka akigandishwa anatoka vilevile, amechoka.

Sasa nikuulize: boksi lako lina tundu la kutoa maji? Nadhani halina. Barafu ikiyeyuka, wa chini wanalala kwenye maji ya damu, na hayo ndiyo yanayowaozesha. Ngege aliyewekewa barafu vizuri tangu anatoka ziwani anapita wiki bila kuharibika. Wako hawakufika hata siku tatu! Kwa joto letu, kilo ya samaki kwa kilo ya barafu iliyopondwa, safu kwa safu, tundu wazi.

Kijana usimgombeze, mbadilishie kazi. Kabla mzigo mpya haujaingia, wa jana wote watoke. Boksi lioshwe, barafu chini, wapya, barafu, wa jana juu. Wa jana mfunge uzi mwekundu kwenye shavu. Akiuza asiye na uzi wakati wenye uzi wapo, utamwona tu.

Sasa hesabu. Kilo moja inayouzwa inakupa 4,000, inayotupwa inakula 12,000. Kwa hiyo ili kufidia zile 14 itabidi uuze kilo 42. Kreti zima, na zaidi, umewafanyia kazi wafu. Lakini mwenye uzi ukimtoa kwa 13,000 asubuhi, bado akiwa na macho ya kutazamika, una elfu mkononi. Hata kwa 10,000 umepoteza elfu mbili tu. Watu wengi wanashusha bei samaki akishaanza kunuka. Hapo hushushi bei, unafukuza wateja.

Mama_Ngege:
Tundu kweli halipo, kijana aliliziba na mfuko wa plastiki eti maji yanalowesha sakafu. Lakini bei hapana, mzee. Nikizoea kushusha, hapa Busia watakaa wanasubiri saa 10 jioni wote.

Mzee_wa_Mwalo:
Watasubiri ukishusha kila siku saa ileile. Shusha wa uzi tu, siku wakiwepo. Wasipokuwepo, bei ni moja.

Dada_wa_Mbale:
Mimi sikubaliani. Wateja wangu walinizoea hivyohivyo, uzi au hakuna uzi. Sasa sishushi mezani kabisa. Wa jana nampa mama mmoja anayekaanga, asubuhi mapema, kwa 11,000 kila kilo, wote kwa pamoja. Mezani hakuna anayeona bei mbili.

Kaka_Umeme:
Mimi bado nasema friza.

Mama_Ngege:
Huyo wa kukaanga nitamtafuta. Na kreti je? Ijumaa kilo 40 zinaisha, Jumatatu hazipiti 25.

Mzee_wa_Mwalo:
Basi kwa nini Jumatatu unachukua za Ijumaa? Andika wiki tatu: kila siku umeuza ngapi, na zimeisha saa ngapi. Zikiisha saa 7 mchana ujue ungeuza zaidi, daftari limekuficha. Siku dhaifu chukua 25, hata ukiishiwa. Mteja aliyekosa kilo amekunyima 4,000, kilo iliyooza imekunyang'anya mara tatu yake. Kreti gawaneni na jirani wa meza ya pili, huyo wa Majanji hajali nani anakula nini, mradi kreti limelipwa.

Mama_Ngege:
Mzee, jirani wa meza ya pili ndiye tuliyerushiana maji ya samaki mwezi uliopita. Kwa sababu ya hiyo hiyo sakafu.

Mikate_Tororo:
😂 Toboa tundu kwanza mama.