Tupeane uzoefu: uliinyoosha picha, ikamkata mtu wa pembeni

Mzee wa Fremu
Jana nimekaa sebuleni kwa watu, ukutani kuna picha ya harusi ya ufukweni. Bahari imeinama, utadhani maji yanamwagikia kwa bwana harusi. Nilitaka kucheka, nikakumbuka ya kwangu nikanyamaza. Nani mwingine amewahi kunyoosha picha akajuta?

Dada Pwani
Mimi hapa, na bado sijasamehewa. Harusi ya binamu yangu, Bagamoyo. Kundi la watu kumi na wawili, bibi yetu amesimama mwisho kabisa kushoto, mkono wa nje ameshika kijipochi chake. Bahari nyuma imelala kama digrii 3. Nikaizungusha mpaka ikakaa sawa, zikatokea zile kabari nyeupe kwenye kona zote nne. Nikabonyeza programu ikate yenyewe. Kwenye simu niliona safi, nikapeleka studio zikasafishwe ishirini. Shangazi kufungua bahasha tu: "Mkono wa mama uko wapi?" Kiganja hakipo, kijipochi hakipo. Bibi alikufa miezi minne baadaye. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho tukiwa naye wote.

kibopa87
Pole sana dada.

Juma Laptop
Na mimi nisaidieni, picha zangu nikituma kwenye kompyuta zinalala ubavu, mtu kichwa kiko kulia.

Mzee wa Fremu
Juma, hiyo ni robo mzunguko, hakuna kona nyeupe wala kinachokatwa. Fungua uzi wako.

Fundi Lenzi
Dada Pwani, picha ya asili unayo? Kama ni pikseli 6000 kwa 4000, mkono pengine unaokoka.

kibopa87
Tatizo ni kuogopa bure. Digrii 3 ni kitu gani? Unapoteza asilimia 3 hivi.

Fundi Lenzi
Si hivyo mkuu. Kwa digrii 3, ukitaka umbo lilelile la tatu kwa mbili, unabaki na 5570 kwa 3714. Karibu asilimia 14 ya picha imekwenda. Picha pana ndiyo inayoumia, maana ukiizungusha zile pande ndefu zinapanda na kushuka sana, hivyo kinachobana ni urefu wa juu-chini. Ili umbo lisibadilike, programu inapunguza na upana, ingawa upana haukuwa na shida.

Sasa sikiliza. Hapo pembeni kuna nafasi ya pikseli kama 240 iliyoachwa bure, nusu kila upande, kwa sababu programu imeweka fremu katikati. Shika fremu uivute kuelekea kwa bibi, ukifuata mwinamo wa picha, mpaka kona iguse ukingo wa pembeni. Unapata kama 120 upande wake, zikitoka upande wa pili. Kwenye kundi la watu kumi na wawili, kiganja kinaingia hapo.

Neema wa Studio
Kwa nini ahangaike kuvuta? Aache umbo, akate huru: 5814 kwa 3701. Urefu unapungua pikseli 13 tu, upana unapata zote 240. Kwenye programu ya GIMP, kwenye Clipping chagua Crop to result badala ya Crop with aspect.

Fundi Lenzi
Halafu aisafishe kwenye karatasi gani? Karatasi ya sita kwa nne ni tatu kwa mbili. Mashine ya studio itakata tena pembeni, na mkono unaondoka mara ya pili. Kwa kutuma mtandaoni, sawa.

Neema wa Studio
Mimi mashine naiambia iache ukingo mweupe. Tusifundishane kazi.

kibopa87
Mimi kona naziziba. Chini mchanga, juu anga, nachukua kipande cha jirani nabandika. Hakatwi mtu.

Neema wa Studio
Mpaka kona iangukie kwenye mguu wa mtu. Nimeona kiatu chenye visigino viwili.

Mzee wa Fremu
Nami niongeze: msizungushe juu ya picha iliyokwisha kuzungushwa. Nilifanya digrii 2, nikaona haitoshi, nikaongeza 1, nikarudisha nusu. Kope za watu zikawa ukungu. Rudi kwenye ya asili, zungusha mara moja.

Dada Pwani
Nimeitafuta usiku kucha, ya asili ipo kwenye kadi ya zamani. Nimevuta fremu kama alivyosema Fundi. Kiganja kimeingia, kijipochi nusu. Upande wa pili shemeji amepoteza bega.

kibopa87
Shemeji atajua mwenyewe.

Dada Pwani
Nikirudi digrii 2 na nusu bega linarudi, lakini bahari inaanza kuinama tena. Shangazi anasema bahari iiname tu.

Fundi Lenzi
Digrii 2 na nusu mimi nitaiona kutoka mlangoni.

Neema wa Studio
Hukualikwa.