Tupeane uzoefu: mishono ya UV kwenye vitu vigumu, ulikata wapi tekscha ikatulia?

Mchonga_Meshi: Wadau, naanza na langu. Nilikuwa natengeneza mtungi wa gesi kwenye Blender, kipenyo sentimita 30, kuba ya juu nusu tufe kamili. Nilikata mshono mmoja wima mgongoni, mwingine kuzunguka pale kuba inapoanzia, nikabonyeza Unwrap. Mwili ulikunjuka vizuri kabisa kama bati. Kuba ikatoka duara. Nikawasha Display Stretch, kote bluu, nikaamini nimemaliza. Nilipoweka UV Grid nikashtuka: mirabaraba ya karibu na valvu ilikuwa mikubwa karibu mara mbili ya ile ya ukingoni, na kutu niliyopaka ilionekana ya mitungi miwili tofauti. Nimekata tena kuba vipande vinne kama vya mwavuli, imepungua sana ila haijaisha. Ninyi mnakata wapi?

kona90: Mkuu, kanuni ni moja tu. Kila ukingo mkali uwe mshono, na kila mshono uwe ukingo mkali. Mimi nachagua kwa Select Sharp Edges, kisha Mark Seam, kazi imeisha.

Bi Rangi: Kaka kona90, nusu ya kwanza naikubali, hasa ukiwa unabeki nomo mapu: ukingo mkali usiokatwa kwenye UV huacha mstari mchafu. Nusu ya pili hapana. Kuba ya mtungi haina ukingo mkali hata mmoja, kwa hiyo kanuni yako isingeikata popote, na hapo ndipo inapovutika.

Mchonga, bluu uliyoiona ilikuwa ya Angle. Unwrap ya Angle Based hulinda pembe, kwa hiyo mraba hubaki mraba hata ukikua. Badili iwe Area utaona rangi zinavyobadilika. Na hesabu inaeleza kwa nini: kutoka kileleni hadi ukingoni mwa kuba yako ni karibu sentimita 23.6. Ukiilaza bapa kwa urefu huo huo, ukingo ungehitaji mzunguko wa sentimita 148, na mtungi una 94 tu. Tofauti hiyo lazima iende mahali, iwe kwenye mkato au kwenye mvuto.

Mimi huwa siuzungushii ukingo wa kuba mshono. Naacha vile vipande vya mwavuli vimeshikana na mwili, nakata mistari ya wima tu kutoka pale kuba inapoanzia hadi chini ya kola ya valvu, na mmoja naushusha hadi chini ndio ufungue mwili. Rangi na mikwaruzo hupita kutoka mwilini hadi kubani bila kukatika. Mshono wa mlalo nauweka kwenye mstari wa kuchomelea kiunoni, kama mtungi unao, maana hapo jicho tayari linategemea mpaka.

juma_rendas: Yangu hata mishono haikusaidia. Bomba la kawaida, mirabaraba imerefuka mara tatu kwenda juu. Nimehamisha mshono siku mbili nzima.

Bi Rangi: Ulilirefusha ukiwa Object Mode?

juma_rendas: Ndiyo dada, Z ilisomeka 3.000. Nimebonyeza Ctrl+A, Scale, nikafanya Unwrap upya. Imekaa sawa! Kumbe lile onyo la "non-uniform scale" lililokuwa linapita chini ndilo lilikuwa linasema hivyo.

Ndoo_ya_Lita20: Mimi nina kesi ya ndoo, juu kipenyo 30, chini 25. Mwili ukikunjuka hutoka upinde, si mstatili, na hakuna mvuto wowote. Lakini maandishi ya kampuni yanapaswa kwenda sawa kuizunguka ndoo, na kuyaandika juu ya upinde ni mateso. Nikanyoosha kwa Follow Active Quads. Maandishi sasa ni rahisi, ila herufi za chini ni nyembamba kama asilimia 17 kuliko za juu. Mteja hajaona. Mimi naona kila nikiifungua.

kona90: Acha upinde. Usahihi kwanza.

Bi Rangi: Mimi ningenyoosha. Weka maandishi karibu na mdomo, mvuto uangukie chini kwenye plastiki tupu.

Mchonga_Meshi: Bi Rangi, nimeweka Area na kweli kuna njano kileleni. Nimejaribu vipande nane, njano imeondoka karibu yote, lakini sasa nina mishono nane ya kupaka rangi juu yake, na kamera yangu inautazama mtungi kutoka juu. Nikijaribu Minimum Stretch kwa vile vinne inakuwa katikati ya hapo. Kuna aliyewahi kubaki na vinne kwenye picha ya karibu na isimsumbue?