Mama anapimwa sukari ya kufunga Jumatano: ale nini usiku, na vidonge vya presha avimeze?

Binti wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu mama yangu mwenye umri wa miaka 58, ambaye ninaishi naye hapa Morogoro. Wiki iliyopita alihudhuria kliniki yake ya presha, wakamchoma kidole mnamo saa nne asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai na maandazi, na mashine ikasoma 9.4. Tabibu alimweleza kwamba namba hiyo, kwa mtu aliyekula, haitoshi kusema ana kisukari wala haitoshi kusema hana, kwa hiyo arudi Jumatano asubuhi kabla ya kula ili achukuliwe damu ya mshipa. Maelekezo mengine hakupewa.

Nyumbani sasa kila mtu ana lake. Shangazi anataka mama asile chochote kuanzia mchana wa Jumanne. Jirani anashauri ale mboga za majani tupu kwa siku tatu ili sukari itulie. Mama mwenyewe huamka saa kumi na moja alfajiri na kuanza siku kwa kikombe cha mchaichai, naye anauliza kama kuna ubaya akikinywa bila sukari. Halafu kuna vidonge vyake vya kila asubuhi, yaani amlodipini na haidroklorothiazidi. Ale nini usiku wa kuamkia kipimo, maji anaruhusiwa, na vidonge avimeze au aviache? Nawaomba mzingatie kwamba maabara hufunguliwa saa mbili, lakini foleni huweza kumfikia hata saa nne.

Mzee Kobe

Binti, kufunga ni kufunga. Akishakula chakula cha usiku, mdomo ufungwe: asile, asinywe hata tone la maji, na vidonge vyote avitie kwenye mkoba avimeze baada ya kutolewa damu. Nilipokwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri niliagizwa hivyo hivyo, na muuguzi alikuwa mkali sana juu ya maji.

Darubini

Shikamoo Mzee Kobe. Kuhusu chakula umesema kweli, lakini maji ulikatazwa kwa sababu ya dawa ya usingizi, kwa kuwa mtu aliyelazwa usingizi akitapika, kilichomo tumboni huweza kuingia kwenye mapafu. Kipimo cha sukari hakina hatari hiyo. Mimi ni mtu wa maabara, na watu wanaokuja wakiwa wamekaukiwa maji ndio tunaohangaika nao zaidi kutafuta mshipa. Mama anywe maji ya kawaida kila anapohisi kiu, usiku na asubuhi, ila yawe maji matupu: yasitiwe limau wala asali, na yasiwe ya dafu.

Dada, ukielewa kipimo hiki kinatafuta nini, mengi ya hayo mnayobishania nyumbani yatajibika. Mtu anapolala bila kula, ini lake huendelea kutoa sukari kidogo kidogo kwenye damu ili ubongo na viungo vingine visikose nishati, na insulini ndiyo inayolizuia ini lisizidishe. Asubuhi tunaangalia kama kizuizi hicho bado kinafanya kazi. Ndiyo maana tunataka chakula cha jana kiwe kimekwisha kupita, na ndiyo maana hatutaki mtu abadilishe maisha yake kwa siku tatu ili aje na namba ya kupendeza.

Kwa hiyo Jumanne usiku mama ale chakula chake cha kila siku kwa kiasi chake cha kila siku. Kama kwenu ni ugali, mchicha na samaki, basi iwe hivyo, na kama ni wali maharage, hakuna neno. Asiongeze kwa hofu ya njaa ya kesho, na aepuke soda, juisi na pombe. Pombe naitaja makusudi kwa sababu huvuruga kazi ya ini, hivyo inaweza kuishusha namba isivyo kawaida.

Saa tunazohitaji bila chakula ni 8 kwa uchache. Kwa foleni unayoieleza, amalize kula saa mbili na nusu usiku, maana saa mbili asubuhi atakuwa ametimiza saa 11 na nusu, na hata akiitwa saa nne itakuwa 13 na nusu, jambo ambalo bado ni sawa. Kwa hesabu ya shangazi, mtu aliyekula mara ya mwisho saa saba mchana atakuwa amekaa saa 19 kufikia saa mbili asubuhi, na huo si mfungo wa usiku mmoja tena. Atakuja na kizunguzungu, na viwango tunavyolinganishia majibu havikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa njaa kiasi hicho.

Mchaichai asubiri, hata usiotiwa sukari. Kikombe kimoja huenda kisiharibu kitu, lakini nyumbani anayechemsha majani siye kila mara anayetia sukari, nasi maabara hatuna namna ya kujua kilichokuwa ndani ya kikombe. Avibebe vitafunio vyake kwenye mkoba, na chai kwenye chupa, avitumie akishatolewa damu.

Mama Nassor wa Tanga

Assalaam alaykum. Kwetu jambo hili ni jepesi mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mtu tayari amefunga. Mwaka jana nilikula daku saa kumi alfajiri, uji wa mtama na tende, nikaenda kupima saa tatu asubuhi nikiwa na saumu yangu. Waliponiuliza kama nimefunga nikajibu ndiyo, na jibu likatoka 8.1. Tangu hapo naambiwa nina kisukari. Mama asubiri Ramadhani ifike, hatasumbuka.

Darubini

Waalaykum salaam, Mama Nassor. Saumu yako ilikuwa sahihi, lakini kwa kipimo hiki hukuwa umefunga, kwa kuwa kutoka saa kumi alfajiri hadi saa tatu ni saa 5 tu, tena uji na tende ni vyakula vyenye wanga na sukari nyingi. Sisemi kwamba huna kisukari, kwa maana siwezi kulijua hilo kutoka hapa. Ninachosema ni kwamba namba hiyo peke yake haipaswi kuhukumiwa kwa kigezo cha 7.0, ambacho ni cha mtu aliyekaa saa 8 au zaidi. Mweleze daktari wako saa uliyokula daku na saa uliyotolewa damu, umwulize kama kipimo kilirudiwa, na wakati huohuo usiache dawa kama umepewa. Anayepima katika Ramadhani aangalie saa ya daku ndipo apange saa ya kutolewa damu.

Dereva wa Masafa

Mimi ni wa vidonge. Baba mkwe wangu ana kisukari cha miaka mingi na anatumia glibenklamidi. Siku ya kwenda kupima alikimeza kidonge nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa maji, kama alivyozoea, kisha akakaa foleni bila kula. Ilipofika saa nne shati lilikuwa limelowa jasho, mikono inatetemeka, na nilipomuuliza jina la mjukuu wake akanitazama tu. Muuguzi alimpima kidole akakuta 2.6, akampa maji yenye sukari vijiko kadhaa, na baada ya robo saa akaanza kuzungumza vizuri. Kwa hiyo nakubaliana na Mzee Kobe kuwa dawa zote zisubiri.

Darubini

Pole kwa yaliyompata mzee, lakini neno "zote" ndilo linalonipa shida. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, iwe mtu amekula au hajala, na ndiyo maana hairuhusiwi kumezwa bila chakula. Insulini ile inayochomwa kwa ajili ya mlo nayo husubiri mlo. Metformini kwa kawaida haishushi sukari kwa kishindo ikitumiwa peke yake, ila tumbo tupu huilalamikia, kwa hiyo wengi huambiwa waimeze na kifungua kinywa baada ya kipimo. Insulini ya muda mrefu ni mazungumzo ya mtu na daktari wake, na sitaki kuyamaliza hapa jukwaani.

Mama wa mleta uzi hatumii hata moja kati ya hizo. Amlodipini aimeze saa yake ya kila siku kwa maji, kwa sababu haihusiani na sukari, na akiiacha huenda presha yake ikasomeka juu siku hiyohiyo. Haidroklorothiazidi pia aimeze, ila ajue kwamba itampeleka msalani, hivyo amwombe jirani yake amshikie nafasi kwenye foleni.

Karafuu

Hapo kwenye haidroklorothiazidi nina neno. Dawa hiyo inajulikana kupandisha sukari kwa baadhi ya watu. Je, si haki aiache wiki nzima ndipo apimwe, tujue kama tatizo ni mwili au ni dawa? Mimi ningeiacha.

Darubini

Ni kweli kwamba inaweza kupandisha sukari kwa baadhi ya watu. Hata hivyo mama anaimeza kila siku na ataendelea kuimeza, na sukari tunayotaka kuijua ni ile anayoishi nayo. Akiiacha wiki nzima bila daktari kujua, tutapata jibu la mtu mwingine, tena huenda presha ikapanda. Jambo la maana ni kuandika majina ya dawa zote kwenye karatasi na kumkabidhi tabibu ayasome pamoja na jibu. Hivyo hivyo kwa anayetumia prednisoloni, ambayo kuikatisha ghafla ni hatari.

Karafuu

Nimekuelewa kuhusu hatari, lakini bado naona swali langu halijajibiwa. Kama namba itatoka juu kidogo, nani atajua sababu ni ipi?

Binti wa Kihonda

Nawashukuru nyote. Jumanne mama alikula ugali wa kawaida na dagaa, akamaliza saa mbili na nusu. Asubuhi alimeza vidonge vyake kwa bilauri ya maji, akatolewa damu saa tatu na dakika kumi. Jibu ni 6.6. Tabibu amesema haijafika 7.0 lakini imevuka mpaka wa kawaida, na ameagiza arudi wiki ijayo kwa kipimo cha kunywa maji ya glukosi na kutolewa damu tena baada ya saa 2. Nimemwonyesha karatasi ya dawa, akasema atazungumza na daktari wa presha kuhusu haidroklorothiazidi kabla ya kubadilisha chochote. Sasa jirani amerudi na mboga zake za siku tatu.

Darubini

Kwa kipimo hicho kijacho mboga tupu zitamponza zaidi. Mwili uliokosa wanga kwa siku kadhaa hupokea glukosi ile kwa uzito, na namba ya baada ya saa 2 inaweza kupanda hata kwa mtu asiye na tatizo. Siku tatu kabla ya kipimo ale ugali, wali au viazi kama kawaida yake, kisha afunge usiku kama alivyofanya safari hii. Siku yenyewe akishakunywa glukosi akae kitako pale maabara hadi damu ya pili itolewe, asiende sokoni akarudi, kwa kuwa kutembea hutumia sukari. Akipata homa kabla ya siku hiyo, muahirishe, maana ugonjwa wa ghafla nao hupandisha sukari.

Kuhusu Karafuu, swali lake ni la haki, na daktari wa presha ndiye wa kuulizwa.