Maelezo ya nyumba ya wageni Jambiani: ya kwanza au ya pili?

Mwenyeji_Kusini: Ndugu wanachama, nina nyumba ya vyumba vinne Jambiani, Unguja, na ninaiandikisha kwenye tovuti ya kuhifadhi vyumba. Nimeandaa maelezo mawili na naomba mnisaidie kuchagua.

La kwanza: "Nyumba tulivu hatua chache kutoka ufukweni, vyumba vyenye nafasi, bahari ya kuogelea na vyakula vya Kiswahili."

La pili: "Chumba kina mita tatu kwa tatu na nusu, kitanda cha futi tano kwa sita, chandarua na feni ya dari, hakuna kiyoyozi. Vyumba viwili vina choo ndani, viwili vinatumia choo kimoja cha ukumbini. Maji ya kuogea ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Bahari hupwa mbali, na wakati huo haiogeleki."

Mke wangu anasema la pili litafukuza wageni.

Shangani77: Mke wako ana hoja. Mimi ningechagua la kwanza, kwa sababu pwani yote ya mashariki hupwa na kila mgeni anajua. Ukipenda, ongeza kwamba asubuhi maji hupwa na jioni hujaa, yatosha.

Nahodha_Mstaafu: Shangani77, hayo ni kweli kwa siku za bamvua tu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya huku hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri, lakini kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ila ni maji mafu, kwa hiyo hata yakipwa hayaendi mbali sana. Mgeni aliyesoma "asubuhi hupwa" akafika wiki ya maji mafu atashangaa, na aliyesoma "bahari ya kuogelea" akafika wiki ya bamvua atamaliza chai yake na kukuta mchanga, kamba za mwani na akina mama wakivuna. Huyo wa pili ndiye atakayeandika kwamba amedanganywa.

Kwa hiyo mimi ni wa maelezo ya pili, ila hayajakamilika. Badala ya "haiogeleki", andika kwamba mgeni huogelea kwa saa chache kabla na baada ya maji kujaa, kwamba saa hizo hubadilika kila siku, na kwamba utambandikia ratiba ya wiki mlangoni. Kisha weka picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pamoja, moja maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamepwa. Kuna wageni wanaopenda kutembea kwenye maji yaliyopwa kuliko kuogelea, na picha hiyo ndiyo itakayowaleta.

Mama_Lushoto: Mimi nina nyumba Lushoto na niliandika "mandhari ya milima", lakini mwezi wa saba ukungu hukaa mpaka mchana na wageni huulizia maji ya moto kuliko milima. Je, wewe una hita?

Mwenyeji_Kusini: Hapana, Mama, huku joto halituruhusu kuiwaza.

Mama_Lushoto: Basi andika kwamba maji ni ya baridi. Mgeni anayetoka kwenye baridi hawezi kulikisia hilo.

Karani_wa_Mapokezi: Hoja yangu ni choo. Usikiweke kwenye maelezo ya nyumba pekee, kwa kuwa wengi hawayasomi. Kiandike kwenye kila chumba kinachohusika, na picha ya choo cha ndani isionekane chini ya chumba kisicho nacho. Kuhusu chakula umenyamaza kabisa. Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Cha usiku kinaagizwa saa ngapi?

Mwenyeji_Kusini: Chai imo: chapati au mandazi, mayai na matunda. Cha usiku huagizwa kabla ya saa nane mchana, kwa sababu tunanunua samaki siku hiyo hiyo. Pweza wa nazi hatumwahidi mtu, kwani hupatikana zaidi siku za bamvua, wavuvi wanapoweza kutembea mwambani.

Karani_wa_Mapokezi: Sentensi hizo tatu zinakili kama zilivyo. Ile ya pweza inaeleza chakula na bahari kwa pamoja.

Shangani77: Kuhusu maji nimekubali. Lakini msikiti ulio jirani nao utautaja? Mimi nisingeuita kelele hata kwa maandishi.

Nahodha_Mstaafu: Wala usiuite hivyo. Andika kwenye mazingira kwamba nyumba imo kijijini, msikiti uko karibu na adhana ya alfajiri husikika vyumbani.

Karani_wa_Mapokezi: Mimi ningelipeleka hilo kwenye ujumbe wa baada ya kuhifadhi chumba.

Nahodha_Mstaafu: Baada ya kulipa? Hapo hatukubaliani.

Mwenyeji_Kusini: La pili, basi, pamoja na marekebisho. Picha ya maji kupwa nitaipiga bamvua ijayo; suala la adhana nitalizungumza kwanza nyumbani.